Kutoka Nyuzi Hadi Radiani: Pembe Inayopimwa kwa Nusukipenyo

Mtu akichora duara kwa bikari, kisha akakata kamba nyembamba yenye urefu sawasawa na nusukipenyo, yaani umbali wa kutoka kitovu cha duara hadi ukingoni, na akailaza kamba hiyo juu ya mstari wa duara ikifuata mpindo wake, kamba itafunika kipande fulani cha mzingo. Kipande hicho huitwa tao. Mistari miwili ikichorwa kutoka kitovu hadi kwenye ncha mbili za tao hilo, pembe inayopatikana kati ya mistari hiyo ni radiani moja.

Katika maelezo hayo hakuna namba iliyochaguliwa na mtu. Kuna duara, kuna nusukipenyo chake, basi. Duara liwe dogo kama kifuniko cha chupa au kubwa kama uwanja wa mpira, pembe itakayopatikana ni ileile, kwa sababu duara linapokua, tao na nusukipenyo hukua pamoja kwa kadiri moja. Kwa hiyo kupima pembe kwa radiani ni kuuliza swali moja tu: tao lililo mbele ya pembe hii ni refu mara ngapi kuliko nusukipenyo? Tao la sentimita 12 kwenye duara lenye nusukipenyo cha sentimita 8 lina pembe ya radiani 1.5, kwa kuwa 12 gawanya kwa 8 ni 1.5. Sentimita zimegawanywa kwa sentimita zikaisha, na kilichobaki ni namba tupu.

Ukubwa wa radiani moja unaweza kukisiwa bila hesabu yoyote. Wanafunzi wengi wanaufahamu mchezo wa bikari: upana wa bikari ukiachwa uleule uliochorea duara, kisha ncha yake ikapigishwa hatua juu ya mzingo, hatua sita hurudi palepale zilipoanzia. Kila hatua ni mstari mnyoofu wenye urefu wa nusukipenyo, na pembe yake ni nyuzi 60. Sasa kamba iliyolazwa juu ya tao ina urefu uleule wa hatua ya bikari, ila imepinda. Kitu kilichopinda hakifiki mbali kama kilichonyooka, kwa hiyo ncha za kamba zinakaribiana zaidi, na radiani inakuwa ndogo kidogo kuliko nyuzi 60. Kwa hesabu kamili ni nyuzi 57.2958 hivi, au nyuzi 57, dakika 17 na sekunde 45. Kamba sita za namna hiyo hazitoshi kuzunguka duara. Hubaki pengo dogo, kama robo ya kamba na zaidi kidogo. Mzunguko mzima ni kamba 6.283, na namba hiyo si nyingine ila pai mara mbili.

Nyuzi, ambazo wengine huziita digrii, zina asili tofauti kabisa. Wababeli wa kale walihesabu kwa sitini-sitini kama watu wa leo wanavyohesabu kwa kumi-kumi, na wanajimu waliorithi hesabu hizo waligawa mzunguko wa anga katika sehemu 360. Namba hiyo iko karibu na idadi ya siku za mwaka, na inagawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12, jambo lililokuwa neema kubwa kwa watu waliokokotoa kwa mkono. Uzi mmoja ukagawanywa katika dakika 60, na dakika moja katika sekunde 60. Ni mgawanyo mzuri, lakini umbo la duara lenyewe haliudai. Lingegawanywa katika sehemu 400, kama wapimaji wa Ufaransa walivyofanya baada ya mapinduzi yao, duara lingebaki vilevile.

Kubadilisha kutoka kipimo kimoja hadi kingine kunategemea ukweli mmoja tu. Mzunguko mzima ni nyuzi 360, na mzunguko huohuo ni radiani 2π. Kwa hiyo nusu mzunguko ni nyuzi 180, sawa na radiani π. Uzi mmoja basi ni π/180 ya radiani, takriban 0.0174533, na radiani moja ni 180/π ya nyuzi. Anayetaka kutoka nyuzi kwenda radiani huzidisha kwa π/180, na anayerudi huzidisha kwa 180/π. Nyuzi 72, kwa mfano, ni 72π/180, ambayo ikifupishwa huwa 2π/5, yaani 1.2566. Kwa upande wa pili, radiani 2.5 zikizidishwa kwa 57.2958 hutoa nyuzi 143.24.

Wengi husahau ni sehemu ipi kati ya hizo mbili inayohitajika, na hapo ndipo maksi hupotea. Dawa ni kuitazama namba yenyewe kabla ya kuendelea. Radiani ni pembe kubwa, karibu nyuzi 60, kwa hiyo pembe ileile inahitaji radiani chache na nyuzi nyingi. Mwanafunzi aliyebadilisha nyuzi 72 akapata radiani 4,125 amezidisha kwa sehemu iliyopinduliwa, na anaweza kujua hivyo bila kusubiri mwalimu, maana radiani 4,125 ni mizunguko zaidi ya 650. Inafaa pia kuiacha π kama ilivyo hadi hatua ya mwisho. Nyuzi 90 ni π/2, nyuzi 60 ni π/3, nyuzi 45 ni π/4 na nyuzi 30 ni π/6. Zikiandikwa hivyo ni sahihi kabisa, lakini π ikibadilishwa mapema kuwa 3.14 au 22/7, kosa dogo huingia na kusafiri na hesabu yote.

Faida ya kwanza ya radiani huonekana pale urefu wa tao unapotafutwa. Kwa kuwa radiani ni tao gawanya kwa nusukipenyo, tao ni nusukipenyo mara pembe, na hakuna kingine cha kuongeza. Katika shule za sekondari za Afrika Mashariki somo hili hukutana na wanafunzi kwenye mada ya longitudo na latitudo, ambapo dunia huchukuliwa kuwa tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,370. Dar es Salaam ipo latitudo ya nyuzi 6 na dakika 48 kusini mwa ikweta. Ni kilomita ngapi kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini moja kwa moja hadi kuigusa ikweta?

Hatua ya kwanza ni kuzifanya dakika ziwe sehemu ya uzi: 48 gawanya kwa 60 ni 0.8, kwa hiyo pembe ni nyuzi 6.8. Zikizidishwa kwa 0.0174533 hupatikana radiani 0.11868. Namba hiyo peke yake tayari inasema jambo: umbali unaotafutwa ni sehemu 0.11868 ya nusukipenyo cha dunia. Kuzidisha kwa 6,370 hutoa kilomita 756. Jibu linaweza kuhakikishwa kwa njia ya mabaharia, ambao maili yao ilikusudiwa kuwa urefu wa dakika moja ya latitudo na leo imewekwa kuwa mita 1,852. Nyuzi 6 na dakika 48 ni dakika 408, kwa hiyo ni maili 408 za baharini, na zikizidishwa kwa 1.852 huwa kilomita 755.6. Njia mbili zinakutana. Ipo tofauti ya chini ya nusu kilomita, inayotokana na nusukipenyo kilichokadiriwa na na umbo la dunia lisilo tufe kamili.

Kosa la kawaida katika hesabu hii halina uhusiano na π. Ni kuandika nyuzi 6 na dakika 48 kama 6.48. Jibu huwa kilomita 720, pungufu kwa kilomita 36 hivi, na kwa sababu halionekani la ajabu hupita bila kushtua mtu. Dakika za pembe, kama dakika za saa, zinahesabiwa kwa sitini.

Thamani ya kuipima pembe na nusukipenyo kwa kipimo kimoja inaonekana vizuri zaidi katika kazi za wanajimu wawili wa kale. Wote walitaka majedwali ya kuwasaidia kukokotoa mahali pa nyota, na wote walitumia nyuzi na dakika, lakini walichagua nusukipenyo tofauti.

Wa kwanza ni Ptolemi, aliyefanya kazi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2. Mzingo wa duara lake ulikuwa sehemu 360, na nusukipenyo chake kilikuwa sehemu 60, ambazo si sehemu zilezile za mzingo. Katika jedwali lake la mistari minyoofu inayounganisha ncha za tao, tao la uzi 1 lina mstari wenye urefu wa 1.047 hivi. Msomaji makini lazima ashangae. Mstari mnyoofu ndiyo njia fupi kuliko zote kati ya ncha mbili. Inawezekanaje uwe 1.047 ilhali tao lililopinda juu yake ni 1? Ptolemi hakukosea. Namba mbili hizo zipo katika vipimo viwili tofauti, kama mtu anayepima upana wa meza kwa inchi na urefu wake kwa sentimita. Ile 1.047 ni π/3, gharama ya kuvibadilisha vipimo hivyo, na inajirudia kila mahali katika jedwali.

Wa pili ni Aryabhata wa Uhindi, aliyeandika kitabu chake mwaka 499 akiwa na umri wa miaka 23. Yeye aliugawa mzingo katika dakika 21,600, ambazo ni nyuzi 360 mara 60, kisha akauliza: kama mzingo ni 21,600, nusukipenyo ni dakika hizohizo ngapi? Aliijua π kuwa 3.1416, na 21,600 gawanya kwa pai mara mbili ni karibu sana na 3,438. Hiyo ndiyo namba aliyoichukua. Jedwali lake lina hatua za dakika 225, sawa na nyuzi 3 na dakika 45, na thamani yake ya kwanza ni 225 kwa tao la 225. Nusu ya mstari mnyoofu na nusu ya tao lake zimekuwa namba moja, kwa sababu tao dogo halijapata nafasi ya kupinda na vipimo vyote ni vya aina moja. Aryabhata hakuwa na neno radiani, na aliendelea kuhesabu kwa dakika, lakini 3,438 ni idadi ya dakika zilizomo katika radiani moja. Wazo lenyewe lilikuwa mikononi mwake.

Lugha ya leo inalieleza wazo hilo kwa sin. Katika duara ambalo nusukipenyo chake ni 1, sin ya pembe ni urefu wa kupanda: mtu akianza upande wa kulia kabisa wa duara na kuufuata mzingo kwenda juu, sin inasema amefika kimo gani juu ya mstari wa katikati. Mwanzoni mzingo unapanda wima. Kwa hiyo hatua ndogo ya kwanza juu ya tao ni karibu sawa na kimo kilichopatikana. Katika duara hili tao ni pembe yenyewe kwa radiani, hivyo kwa pembe ndogo sin inalingana na pembe. Pembe ya radiani 0.1 ina sin ya 0.09983, na ya radiani 0.01 ina sin ya 0.0099998. Kadiri pembe inavyopungua, ndivyo namba mbili zinavyoshikana.

Kwa nyuzi ushirika huo haupo. Sin ya uzi 1 ni 0.01745, ya nyuzi 2 ni 0.03490, ya nyuzi 3 ni 0.05234. Sin inapanda kwa 0.01745 kwa kila uzi, na namba hiyo ni π/180 ileile ya kubadilishia vipimo. Haitoki hapo. Katika kalkulasi, elimu ya kupima kasi ya mabadiliko, kasi ya sin ni cos tu pembe ikiwa kwa radiani. Ikiwa kwa nyuzi, kasi hiyo ni cos mara 0.01745. Kasi ya kasi huzidishwa kwa 0.01745 mara mbili, inayofuata mara tatu, na kila hatua mzigo unaongezeka. Mhandisi anayechunguza bembea, wimbi la umeme au mtetemo wa daraja angebeba namba hiyo katika kila mstari wa hesabu yake bila kupata chochote kipya kuhusu bembea, wimbi au daraja. Radiani ndicho kipimo pekee ambacho namba hiyo inakuwa 1 na kutoweka. Hii ndiyo maana kamili ya kusema ni kipimo cha asili.

Jambo hili lina uzito hata kwa mashine. Sin inaweza kukokotolewa kwa kujumlisha na kuzidisha tu, kwa kanuni inayoanza hivi:

sin x = x − x³/6 + ...

Nyuzi 30 ni radiani 0.523599. Mchemraba wake gawanya kwa 6 ni 0.023925, na tofauti ni 0.499674. Sin ya nyuzi 30 ni 0.5 kamili, kwa hiyo vipande viwili tu vya kanuni vimefika karibu sana. Mtu akiiweka 30 badala ya 0.523599 atapata 30 toa 4,500, yaani −4,470, namba isiyo na maana yoyote kwa kitu ambacho hakiwezi kuzidi 1. Kanuni haijaharibika. Inamtaka x awe tao, na 30 si tao bali ni hesabu ya vipande.

Kwa sababu hiyo lugha za kompyuta huchukulia kwamba pembe inayoletwa kwenye sin ni ya radiani, na anayefikiri kwa nyuzi lazima abadilishe kwanza. Katika Python huwa hivi:

```python
import math
print(math.sin(30))                # -0.9880316240928618
print(math.sin(math.radians(30)))  # 0.49999999999999994
```

Jibu la kwanza ni sahihi kwa swali ambalo hakuna aliyekusudia kuliuliza: radiani 30 ni mizunguko minne na robo tatu na zaidi kidogo, na mahali hapo pa duara kimo ni −0.988. Jibu la pili ni nusu, isipokuwa π haiwezi kuandikwa kikamilifu ndani ya mashine, na tarakimu za mwisho zinaonyesha hilo. Katika Excel kazi hiyohiyo hufanywa na =SIN(RADIANS(30)).

Vikokotoo vya mkononi vina tabia nyingine. Huwekwa kwenye DEG kwa nyuzi au RAD kwa radiani, na vingi vina nafasi ya tatu kwa ule mgawanyo wa sehemu 400. Alama yake ni ndogo juu ya skrini na huachwa na mtumiaji aliyetangulia. Jaribio la sekunde tano linatosha: sin ya 30 ikiwa 0.5, kikokotoo kipo kwenye nyuzi, ikiwa −0.988, kipo kwenye radiani, ikiwa 0.454, kipo kwenye sehemu 400. Kosa la hatari ni lile lisilopiga kelele. Sin ya 0.5 kwa radiani ni 0.479, na kwa nyuzi ni 0.0087, zote mbili zinaonekana kuwa majibu ya kawaida, na ni pembe yenyewe tu, ikikumbukwa ilivyochorwa, inayoweza kusema ipi ni ya kweli.

Kipimo hiki kilitumika muda mrefu kabla hakijapata jina. Mwingereza Roger Cotes, aliyefariki mwaka 1716 akiwa na umri wa miaka 33, alikitumia katika kazi iliyochapishwa mwaka 1722 na binamu yake Robert Smith. Neno lenyewe, linalotokana na jina la nusukipenyo katika Kilatini, lilionekana katika chapa mwaka 1873 kwenye maswali ya mtihani aliyoyatunga James Thomson huko Belfast, Ayalandi. Leo radiani ni kipimo rasmi katika mfumo wa kimataifa wa vipimo, ingawa kwa kuwa ni urefu gawanya kwa urefu, mara nyingi jina lake huachwa. Ndiyo maana fundi anayejua kwamba gurudumu la baiskeli lenye nusukipenyo cha mita 0.34 linazunguka mara mbili kwa sekunde anaweza kusema linazunguka radiani 12.57 kwa sekunde, akazidisha kwa 0.34, na kupata mwendo wa mita 4.27 kwa sekunde, bila radiani kubaki kwenye jibu.

Nyuzi hazijapoteza kazi yake. Seremala anayekata mbao za kona, mpimaji wa viwanja na nahodha anayesoma dira wanahitaji pembe zinazogawanyika kwa namba nzima, na radiani haiwapi hilo: pembe mraba ni 1.5708 na tarakimu zisizokwisha, na hakuna rula ya pembe inayoweza kuchorwa kwa π kwa urahisi. Pale pembe inapopimwa, kusomwa na kuandikwa, nyuzi ni bora. Pale pembe inapoingia kwenye hesabu ya urefu, mwendo au mtetemo, hubadilishwa kuwa radiani mlangoni, na kama jibu la mwisho ni pembe, hubadilishwa tena kuwa nyuzi wakati wa kutoka.